Kumwandikia wakala wa Mombasa mnayejuana miaka mingi: salamu ziende wapi, kazi iende wapi

*"Wakuu, wakala wangu wa forodha yuko Mombasa, tumefanya kazi miaka tisa, ni mtu mzima kunizidi na tumeshakuwa kama ndugu. Nikimwandikia kifupi anauliza kama nimekasirika. Nikianza na salamu, tunamaliza nusu siku kwenye habari za nyumbani na kontena liko palepale. Niandikeje?"*

Tuma ujumbe mbili mfululizo, na usingoje jibu la wa kwanza. Wa kwanza ni wake yeye. Wa pili ni wa kazi, na ndani yake usimtaje mtu wala usitie utani, kwa sababu mzee hataushughulikia mwenyewe. Ataupeleka kwa karani wake, na karani akikuta habari za harusi juu ya namba ya kontena, ataruka mistari.

Kosa la wengi wetu Kampala ni kuandika "Shikamoo Haji" halafu kunyamaza, tukisubiri "marahaba". Ana kwa ana hiyo ni adabu. Kwenye WhatsApp anaiona baada ya saa mbili, anaitikia, nawe wakati huo uko Kikuubo unapakia mzigo. Salamu iende pamoja na taarifa kwamba kazi inafuata:

"Shikamoo Haji. Poleni na joto la huko. Kijana alimaliza mitihani salama? Sisi huku wazima. Nakutumia kazi hapa chini, ni kontena moja."

Angalia lile swali la kijana. Ukiuliza jambo moja analojua kwamba ni yeye tu angeulizwa, linatosha kuliko mistari sita ya "natumaini u mzima wa afya". Kisha bila kungoja:

"Kontena CSQU3054383, futi 20, matairi ya pikipiki, linakuja Kampala. Meli inatarajiwa Jumanne tarehe 14. Nimeambatisha bili ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi. Naomba mawili: uthibitisho kwamba nyaraka zimetimia, kabla ya Ijumaa tarehe 10 saa 10 jioni, na jumla ya gharama zako kwa KES."

Namba ya kontena inakiliwe kutoka kwenye bili, isiandikwe kwa kumbukumbu. Ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea moja, kwa kawaida mfumo unaikataa na karani anarudi kwako kuuliza. Tarehe nayo iandikwe yenyewe. "Kesho" ya ujumbe uliopelekwa kwa mtu mwingine hugeuka keshokutwa. Na saa useme ni ya asubuhi au jioni.

Sarafu ndiyo inayogombanisha marafiki. Ukiandika "laki mbili" wewe una shilingi za Uganda kichwani, yeye ana za Kenya, na moja ya Kenya ni zaidi ya ishirini za kwetu. Andika KES au UGX kila mara, hata kama mmezoeana kiasi gani. Vilevile achana na "ya kwako tutaongea". Mtu wa karibu ataona haya kukudai, atafanya kazi nusunusu, nawe utadhani amebadilika. Uliza waziwazi: "Ada ni ile ya kontena lililopita?"

Haraka yenyewe ina sababu yake, wala si ukali. Tangu Himaya Moja ya Forodha ilipoanza mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda hulipwa URA mzigo ukiwa bado Mombasa. Karatasi moja ikipungua, kontena haliondoki, na siku za bure bandarini zikiisha gharama inahesabiwa kwa siku. Hayo anayajua kuliko wewe, usimhubirie. Tarehe uliyoweka inatosha.

Akikaa kimya, usianze upya na shikamoo nyingine, wala usiandike "naona umenisahau", maana hapo umemgeuza mkosaji. Jibu juu ya ule ujumbe wa kazi: "Haji, hii imefikia wapi? Kama orodha ya vifurushi haisomeki, nikupigie picha nyingine?" Hapo umempa njia ya kujibu bila aibu, na mara nyingi tatizo kweli huwa ni picha yenye ukungu.

Kuhusu kudhaniwa umekasirika: mtu hapimi urefu wa ujumbe, anapima tofauti na ulivyozoea. Ukitaka kufupisha, punguza mistari ila "Haji" na "shikamoo" zibaki.

Akiwa na msiba, mpangilio huu wote unawekwa kando. Siku hiyo mtumie pole peke yake, na kazi mtumie karani moja kwa moja, ukimweleza asimsumbue mzee.