Betri isiyokufa, na kwa nini nakwambia usiinunue kwa haraka

Mvua za masika zikikatika na watu wakaanza tena kufunga sola, hunijia mtu na picha kwenye simu. Seli za plastiki nyeupe zimepangwa safu, maji yanaonekana ndani, na muuzaji ameandika kuwa zinaishi miaka 30. Mtu huyo keshazika betri mbili tatu za asidi, amechoka, na suali lake ni moja tu: hii ni kweli?

Ni kweli. Betri ya nikeli na chuma inaweza kuishi zaidi ya miaka hiyo. Nazijua kwa sababu ami yangu anazo, shambani kwake nje kidogo ya Wete, na mimi ndiye niliyezifunga miaka saba iliyopita na ninayezihudumia mpaka leo. Lakini kile kile kinachoifanya isife ndicho kinachoifanya iwe nzito, ile jua jingi na inywe maji. Ukilielewa hilo utajua kama inakufaa, kabla hujatoa pesa.

Ami alikuwa na sababu yake. "Mwanangu, mimi nataka kitu nitakachowaachia wajukuu," aliniambia, "sitaki kila baada ya miaka mitatu nianze kuchangisha." Akaagiza seli 10, kila moja ya ampea-saa 200. Kila seli hutoa volti 1.2, kwa hiyo 10 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 12. Zilikuja na gari ya mzigo kutoka bandarini, na kila seli ikiwa na maji yake ilikaribia kilo 13. Jumla kilo 130. Umeme unaokaa humo ni kama uniti mbili na nusu, ambao betri ya lithiamu ya kilo 25 hivi ingeubeba. Meza ya mbao aliyoitayarisha ilianza kupinda tulipoweka seli ya sita. Tukazishusha zote, tukajenga kitako cha matofali.

Sasa kwa nini haifi? Ndani ya betri ya asidi, kila unapoitumia bamba za risasi hugeuka salfeti, na ukiichaji hurudi kuwa risasi. Katika kwenda na kurudi huko vitu huyeyuka, huota upya pengine, na hatimaye humomonyoka na kutuama chini kama tope. Ukiiacha tupu wiki kadhaa, ile salfeti hukauka ikawa ngumu na betri imekwisha. Katika betri ya nikeli na chuma maji yake si asidi bali ni alkali kali, potashi, na bamba karibu haziyeyuki humo. Chuma hubadilika palepale kilipo na hurudi palepale. Alkali haili chuma, kwa hiyo hata mifupa inayoshika bamba hubaki mizima. Iache tupu mwezi mzima, ijaze kupita kiasi, itapona. Edison wa Marekani na Jungner wa Uswidi waliihangaikia miaka ya mwanzo wa karne ya 20, na ziko seli za enzi hizo ambazo watu wamezisafisha, wakazibadilisha maji, zikashika umeme tena.

Lakini kitu kisichoyeyuka hufanya kazi polepole. Betri hii haipendi kuchotwa umeme mwingi kwa ghafla wala kujazwa kwa pupa. Na liko kubwa zaidi. Ili chuma kijae umeme lazima kisukumwe mpaka kiwango ambacho maji yenyewe huanza kupasuka yakawa hidrojeni na oksijeni. Hakuna ufundi wa kukwepa hilo kabisa. Sehemu ya jua lako inajaza betri, na sehemu inapika maji yakawa gesi.

Matatizo yalianza siku ile ile. Kontrola ya sola tulikuwa tumeipanga kwa betri ya asidi, isimame kwenye volti 14.4. Seli zikawa zinalegea kila usiku kabla ya saa nane, nami nikadhani zimekuja mbovu. Hazikuwa mbovu. Seli hii inataka volti 1.65 ili ijae, na mara 10 hiyo ni volti 16.5. Nikapandisha kontrola. Siku ya pili, saa sita mchana jua likiwa utosini, inveta ikapiga king'ora na kujizima, friji likasimama na kitoweo ndani. Inveta ile ilitengenezwa kwa betri ya asidi: ikiona zaidi ya volti 15.5 inajua kuna hatari, inakata.

Nikajaribu ujanja ambao mafundi wengi huufikiria kwanza, nikaondoa seli moja. Seli tisa zinajaa kwenye volti 14.85, na inveta ikatulia mchana. Usiku ikawa kinyume. Inveta hukata ikishuka volti 10.5, na kwa seli tisa hiyo ni takriban volti 1.17 kila seli, wakati bado kuna umeme mwingi ndani. Seli hii unaweza kuiteremsha mpaka volti 1.0 bila kuiumiza. Tukawa tumebeba kilo zote zile na kutumia kiasi kidogo tu. Dawa ilikuwa kurudisha seli ya kumi na kutafuta inveta inayokubali kuanzia volti 10 mpaka 17. Zipo, lakini si kila duka linayo, na bei yake haikuwemo kwenye hesabu ya ami. Kwa hiyo anayeniletea picha ya seli mimi humuuliza kwanza inveta yake inaishia volti ngapi.

Baada ya hapo mambo yakakaa sawa, nikaanza kupima. Friji dogo, taa na feni vilikuwa vinakula kama ampea-saa 100 kwa usiku, sawa na uniti 1.2. Ili kuzirudisha hizo 100, ilibidi paneli zitie kama 140. Na zile 140 zinaingia kwa volti 15 na zaidi, wakati zinatoka kwa 12. Ukizidisha, tunaingiza zaidi kidogo ya uniti mbili ili tupate uniti 1.2. Lithiamu ingetaka 1.3. Mwezi wa Januari ami hakuhisi kitu, jua lipo tele. Masika yalipofika, siku tatu za wingu mfululizo, ndipo kasoro ilipoonekana, kwa sababu jua dogo lililopatikana karibu nusu yake lilipotea njiani. Isitoshe, betri hii huvuja yenyewe ikiwa imekaa tu, kwa mwezi inaweza kupoteza robo ya umeme wake, na joto huzidisha. Tuliongeza paneli mbili.

Zile ampea-saa 40 za ziada kila siku ndizo zinazokula maji. Kila ampea-saa moja ya ziada hupasua theluthi ya gramu ya maji katika kila seli. Mara 40, mara seli 10, unapata kama gramu 134 kwa siku, karibu lita moja kwa wiki. Nilimwambia ami hesabu hiyo, hakuiamini, basi tukaweka kidumu cha lita tano na kukitia alama ya kalamu. Wiki ya tano kilikuwa kimekauka.

Maji hayo lazima yawe yaliyochujwa chumvi zote. Ya kisimani hapana, visima vyetu vina chokaa, na vingine chumvi. Na hapa niseme kwa uzito: dukani "maji ya betri" huuzwa chupa zinazofanana, nyingine ni maji safi na nyingine ni asidi. Niliposafiri, kijana mmoja aliyeombwa kusaidia alipima seli kwa hidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, akasoma 1.20. Kwa betri ya asidi hiyo ni nusu tupu, kwa hiyo akaona zimepungua nguvu na akaazimia kuzitia asidi. Kwa bahati alipiga simu kabla. Kwenye seli ya alkali 1.20 ni kawaida, iwe imejaa au imeisha, kwa sababu potashi haishiriki kama asidi inavyoshiriki, hidromita haikuambii chochote kuhusu umeme uliobaki. Inakuambia tu kama potashi imechoka. Asidi ingeua seli. Hata hidromita na faneli zilizogusa asidi zisikaribie. Za ami zimefungwa kamba nyekundu na zimetundikwa chumba kile kile.

Chumba chenyewe kimetobolewa matundu juu karibu na paa, pande mbili. Hidrojeni hupanda, na kwa hesabu ile ile seli hizo zilikuwa zinatoa kama lita 180 kwa siku. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Ami alitaka kuhifadhi magunia ya karafuu humo, nikakataa kabisa. Potashi nayo huunguza ngozi na ni hatari zaidi kwa macho, kwa hiyo miwani na ndoo ya maji safi vipo mlangoni. Pia hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kudhoofika. Tumemwaga tabaka jembamba la mafuta ya madini juu yake kuichelewesha, lakini siku moja itabidi imwagwe na kutiwa mpya, na potashi safi haipatikani kwa urahisi hapa kisiwani.

Kampuni ya Edison ilinunuliwa na kampuni ya betri za risasi mwaka 1972, na utengenezaji ukasimamishwa 1975. Siku hizi seli nyingi zinatoka China. Watu waliziacha kwa sababu hizi hizi nilizozitaja: nani atajaza maji kila wiki, nani ana paneli za kupoteza, nani ana pa kuweka kilo 130.

Mwaka juzi friji la ami tulilihamishia kwenye betri ya lithiamu, imening'inia ukutani. Zile seli zimebaki na taa na feni moja, ampea-saa 30 hivi kwa usiku, na maji yameshuka mpaka glasi moja kwa wiki. Mjukuu wake wa kike, anayesoma darasa la saba, ndiye anayezijaza kila Ijumaa asubuhi. Kila seli ina mistari miwili, anajua asivuke wa juu, na huandika tarehe ukutani kwa chaki. Mwezi uliopita nilizipima zote kumi, moja moja, kwa kuzitoa umeme mpaka volti 1.0. Iliyokuwa chini kuliko zote ilinipa ampea-saa 191.