Misuli kuchezacheza mwili mzima

"Misuli inacheza kila mahali: kope, mkono, kigimbi. Nimesoma mtandaoni, naogopa ni ugonjwa wa neva."

Pole ndugu. Huko kuhamahama, leo kope kesho kigimbi, kunatia moyo. Ugonjwa unaouogopa kwa kawaida hujionyesha kwa udhaifu: vifungo vya shati vinakushinda, mguu unaburuta, msuli unasinyaa. Kucheza bila udhaifu mara nyingi ni neva iliyochokozwa tu na kahawa, kukosa usingizi, mazoezi makali au huo wasiwasi wenyewe. Na ukikaa ukiuvizia msuli, utauhisi zaidi.

Jaribu kutembea kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukigoma, au maneno yakianza kukokoteka, muone daktari wa neva mapema. Vinginevyo daktari wa kawaida akupime nguvu, tezi ya shingo na madini kwenye damu.