Mwandike teja kwa saa, si kwa sindano

Miswada mingi ya riwaya yenye teja ndani yake hufanana. Ukurasa wa tatu sindano inaingia mshipani na raha inaelezwa aya nzima, mawingu na asali. Baadaye kuna simu iliyoporwa, wananchi wenye hasira kali, na mwisho maiti yenye povu mdomoni. Mwandishi anaamini ameionya jamii. Alichoandika ni raha na kifo tu. Miaka iliyo katikati, ambayo ndiyo uraibu wenyewe, ameiruka.

Hapa nazungumzia heroini, unga wa pwani yetu kuanzia Malindi na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Sichanganyi na pombe wala mirungi, kwa sababu kila kimoja kina mwili wake, na kosa la kwanza la mwandishi asiyejua ni kumpa mtu wa unga dalili za mlevi.

Anza na saa. Stimu ya heroini hudumu saa chache tu. Kati ya saa sita na kumi na mbili tangu alipotumia mara ya mwisho, arosto, mateso ya mwili uliokosa unga, huanza kubisha. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuzama hutumia mara mbili, tatu au zaidi kwa siku, na siku yake yote imekatwa vipande kwa kipimo hicho. Akitumia saa 4 usiku, saa 11 alfajiri ameshaamka, wala si kwa adhana. Mwandishi akiijua ratiba hii, nusu ya riwaya inajipanga yenyewe: kwa nini mhusika alikataa kazi ya Kibaha, kwa nini alitoka msibani kabla ya maziko, kwa nini ni mchangamfu saa 3 asubuhi na mkali saa 8 mchana.

Arosto yenyewe ina mpangilio. Hutangulia miayo, mmoja baada ya mwingine, kisha machozi na makamasi, hata asiyejua hudhani ni mafua. Hufuata jasho pamoja na baridi, na ngozi husimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mboni za macho hutanuka. Baadaye ndipo tumbo linakatika, mtu anahara na kutapika, mifupa inauma, miguu inajirusha yenyewe kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Ikifika siku ya tano hadi ya saba mwili kwa kawaida umetulia, ila usingizi haurudi upesi, na hamu hubaki kwa wiki na miezi.

Sasa angalia kinachoandikwa mara nyingi: mhusika amefungiwa chumbani na ndugu zake, anaona majini ukutani, anapata degedege, anakufa usiku wa pili. Hiyo ni picha ya mlevi wa kupindukia aliyekatishwa pombe ghafla. Yeye ndiye anayeweza kuona visivyokuwepo, kupata kifafa na kufa. Arosto ya unga ni mateso makali, lakini peke yake ni nadra kumuua mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine. Hatari yake kubwa ni kukaukiwa maji kwa kuhara na kutapika bila kupata cha kunywa.

Kinachoua huja baadaye, na hapa ukweli una nguvu kuliko chumvi yoyote. Baada ya siku kumi za kufungiwa, au miezi ya gerezani, au kukaa sober house, nyumba ya wanaoacha unga, mwili umesahau kiwango ulichokuwa umekizoea. Kijana anatoka, familia inachinja kuku, shangazi anapiga vigelegele. Jioni anakutana na mwenzake na anatumia kiasi kilekile cha zamani. Pumzi inapungua. Hakuna mayowe. Anakoroma kwa sauti nzito yenye maji, midomo na kucha zinageuka rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Wenzake wanasema mwache, amelala. Kuna dawa ya kumrudisha, naloksoni, lakini lazima iwepo karibu na mtu wa kuitumia. Ukiandika kifo cha unga, andika kukoroma huko na watu waliokaa mita mbili wakicheza karata. Povu hulihitaji.

Tuchukue aya moja tuifanyie kazi. Mhusika ni Makame, fundi friji wa Magomeni. Rasimu ya kwanza inasema:

"Arosto ilimvaa Makame kama shetani. Alijigaragaza sakafuni, macho yamemtoka, akipiga mayowe. Mama yake alilia kwa uchungu. Angeuza hata roho yake kwa kete moja."

Hakuna hata neno moja hapa linalomhusu Makame peke yake. Mwandishi amekuwa mpiga debe wa mateso, anatuita tuje tuone. Tuirudishe nyuma saa kadhaa, kabla ya kilele:

"Chai haijamiminwa, Makame ameshapiga miayo mara nne. Alijifuta pua kwa kola. 'Mafua tena?' mama aliuliza. 'Vumbi la jana, mama.' Mama alimsogezea kikombe. Kisha akaichukua simu yake mezani, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kukata mkate."

Kilichobadilika ni mambo matatu. Miayo na pua vinatuambia saa imefika bila mwandishi kutaja arosto. Uongo ni mdogo, wa kila siku, na mama anaupokea, maana yake si wa kwanza. Na pindo la kanga linabeba historia ya nyumba nzima: kuna simu nyingine iliyopotea kabla ya hii. Msomaji hajaombwa alie. Ukitaka kilele cha siku ya pili kije, kitakuja, lakini sasa kinampata mtu tunayemfahamu.

Fanya pia hesabu ya fedha, hata kama haitachapishwa. Chukua bei ya kete ya mahali na mwaka wa hadithi yako, zidisha kwa mara anazotumia kwa siku, halafu jiulize pesa hiyo inatoka wapi siku ya Jumanne yenye mvua. Waandishi hukimbilia kisu na uporaji. Siku nyingi za kweli ni za kupiga debe kituoni, kuosha magari, kuokota chuma chakavu, kubeba mizigo sokoni na kuomba. Wizi upo, ila mara nyingi huanza nyumbani na huwa na ngazi zake: chaja, pasi, sufuria kubwa ya shughuli, mtungi wa gesi. Mtungi ukiondoka jiko linazimika na jirani wanajua. Ngazi hizo zinatosha sura nzima, na hazihitaji polisi hata mmoja.

Kuhusu tukio la kutumia lenyewe, ushauri wangu ni mkali kidogo: ingia kabla, toka, rudi baada. Usieleze kinachochanganywa na nini, wala sindano inashikwaje. Msomaji aliyeacha anaweza kuamshwa hamu na vifaa hivyo tu, na ambaye hajaanza umempa somo. Lakini usikatae kwamba kulikuwa na raha, maana hakuna atakayekuamini. Sentensi moja inatosha, na iwekwe mapema kwenye hadithi, kwa sababu baada ya miezi mtu hatumii tena ili afurahi. Anatumia ili aweze kusimama, aoge, aende kazini. Baada ya tukio mpe mwili wake halisi: anajikuna pua na shingo, sauti imekuwa nzito, anasinzia na kijiko mkononi, choo kimekuwa kigumu siku nne. Choo kigumu kinavua urembo wote wa unga bila mahubiri. Kwa mwanamke, hedhi mara nyingi hupotea, kwa hiyo mimba inaweza kuingia na kukua muda mrefu kabla hajajitambua. Nimeshangaa sijakutana na riwaya inayotumia jambo hilo, wakati wote wanamfanya kahaba ukurasa wa pili.

Angalia pia mwaka. Heroini iliingia pwani miaka ya 1980, na kwa muda mrefu iliyotawala ni ya kahawia, braunshuga, iliyovutwa. Kujidunga kulisambaa mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipokuja nyeupe inayoyeyuka kirahisi. Mhusika wa Mombasa ya 1988 mwenye sindano mfukoni anahitaji maelezo.

Kisha kuna mwisho. Hadithi zetu zina miwili: kaburi, au maombi ya usiku mmoja na kijana anaamka mpya. Sidharau dua, ila mwili haujui usiku mmoja. Tangu 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na baadaye kliniki za Kenya na Zanzibar, kuna mwisho wa tatu ambao kwa mwandishi ni hazina. Methadoni ni dawa ya maji, kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku, kila siku, sikukuu pamoja. Dozi huanza ndogo, miligramu 30 au pungufu, na hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki za kwanza, kabla dozi haijatosha, arosto bado inachungulia, na wengi huteleza hapo. Akikosa siku tatu mfululizo, harudishiwi dozi yake ya zamani hivihivi, kwa sababu mwili umeanza kuisahau na inaweza kumuua.

Hebu ona migogoro iliyomo. Baba amefariki Lushoto, maziko kesho, na kikombe kipo Dar es Salaam. Tajiri anataka kazi ianze saa 1 asubuhi, foleni ya dawa nayo inaanza saa hiyohiyo. Amegundulika na kifua kikuu, akaanzishiwa rifampisini, na dawa hiyo huipunguza methadoni mwilini. Miayo inarudi, mkewe anamwona, na anaapa kwa Mungu kwamba hajagusa kitu. Safari hii anasema kweli, wala hakuna wa kumwamini.

Mswada ukikamilika, mpe mtu aliye kwenye methadoni ausome, na umlipe kama unavyomlipa mhariri, nauli kando. Usimuulize alijisikiaje, ameulizwa hivyo na waandishi wa habari mpaka amechoka. Muulize saa, bei, nani alikuwa mlangoni, kitu gani kiliuzwa kwanza. Na miadi iwe baada ya kunywa dawa, si kabla, maana anayesubiri kikombe atakubali lolote uliloandika ili uondoke.