Kinyume cha kosini ni kinyume cha nini?

"Mwalimu, nafunza hesabu katika chuo kimoja hapa Nakuru. Tukitafuta pembe kati ya vekta mbili, hatua ya mwisho sote tunaiita 'kinyume cha kosini'. Wanafunzi wananiuliza ni kinyume kivipi. Je, hicho ni Kiswahili sanifu?"

Usanifu wake sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hilo neno kinyume, ambalo wanahesabu wamelifanyisha kazi tatu kwa mshahara mmoja. Waulize wanafunzi wako kinyume cha 2. Mmoja atasema hasi 2, mwingine atasema nusu, na huwezi kumkosoa yeyote. Kisha unawaambia watafute kinyume cha kosini, na wewe hutaki hasi wala nusu, unataka pembe! Hapo wana haki ya kukuuliza.

Kosini yenyewe haina hatia. Asili yake ni Kilatini, na Mwingereza Edmund Gunter aliitumia mwaka 1620 kwa kufupisha "sini ya pembe inayobaki", yaani inayobaki ukiitoa pembe yako kwenye digrii 90. Yatosha hapo.

Tuone madhara ya kinyume kwa vekta (3, 4) na (5, 12). Zao la nukta hupatikana kwa kuzidisha sehemu kwa sehemu, kisha kujumlisha: 3 × 5 + 4 × 12 = 63. Hiyo 63 ni namba tupu, haina mwelekeo. Urefu wa vekta ya kwanza ni kipeuo cha pili cha 9 + 16, yaani 5. Wa pili ni kipeuo cha pili cha 25 + 144, yaani 13. Gawa zao kwa urefu ukizidishwa kwa urefu, upate 63/65, karibu 0.9692. Hiyo ndiyo kosini ya pembe, wala si pembe, ingawa wapo wanaoiandika 0.9692, wakaichorea alama ya digrii na kufunga daftari.

Sasa mwanafunzi ameambiwa kinyume. Aliyeelewa nusu anapindua sehemu: 65/63, karibu 1.0317. Kosini ya pembe haivuki 1, kwa hiyo hapo kosa linajifichua lenyewe. Akiomba kikokotoo kimpe pembe, kinamwandikia Math ERROR. Aliyebonyeza cos⁻¹ ya 63/65 anapata digrii 14.25. Na akipata 0.2487 asiogope: kikokotoo kimejibu kwa radiani, akirudishe kwenye digrii.

Aliyeelewa hasi ndiye anayeniumiza kichwa, kwa sababu jibu lake linakubalika machoni. Hasi 63/65 ni kosini halali kabisa, na pembe yake ni digrii 165.75. Tena haitoki hewani. Chukua bodaboda anayetoka A kwenda B kwa vekta (3, 4), kisha B kwenda C kwa vekta (5, 12). Akifika B anapinda digrii 14.25 tu, kona ambayo abiria hata haisikii. Lakini ukiulizwa pembe ya pembetatu ABC pale B, jibu ni 165.75, kwa kuwa pembe huwa kati ya vekta zinazoanzia nukta moja. Kutoka B kurudi A ni (-3, -4), si (3, 4). Zao lake na (5, 12) ni -63, na kosini inageuka hasi. Hapa hasi imeletwa na mwelekeo wa vekta, haikuletwa na cos⁻¹. Mwanafunzi aliyefundishwa "kinyume" atavichanganya hivi viwili, na sitamlaumu. Mwambie achore kwanza: zao likiwa hasi pembe inavuka 90, likiwa chanya haifiki 90, likiwa sifuri ni 90 kamili. Mchoro na alama visipopatana, vekta moja imeelekezwa visivyo.

Hukumu yangu basi. Vitabu vikitaka kubaki na "kinyume cha kosini", vibaki. Sitakwenda kuvichoma, nimeshachoka kupigana na vilivyochapwa. Lakini ubaoni, mwalimu, sema "pembe ambayo kosini yake ni 63/65". Ni refu, naam, ila linataja kinachotafutwa na haliachi nafasi ya hasi wala nusu. Na anayesema "kosini ya vekta mbili" umkatize papo hapo: vekta hazina kosini, mwenye kosini ni pembe iliyo kati yao.