"Kwani boti bado?"

Nyinyi mnaoanza kazi ya mapokezi kwenye nyumba za wageni hapa Lamu, simu mtaishika kuliko funguo. Wageni wanashuka uwanja wa ndege wa Manda, nahodha yuko majini, mpishi yuko sokoni, dada wa usafi yuko darini anaanika shuka, na wote mnakutana kwenye grupu moja la WhatsApp. Humo ndimo nilimokosana na nahodha wetu kwa maneno matatu.

Ndege ilikuwa imetua saa tano kasoro asubuhi. Wageni wanne wamesimama gatini Manda na jua limeshapanda, mmoja wao amebeba mtoto mchanga. Wakanipigia kuuliza. Nami nikaandika grupuni: "Kwani boti bado?" Kichwani mwangu niliitamka vile ninavyoulizia chai jikoni. Nahodha wetu, ami wa umri wa baba yangu, akajibu: "Boti ipo. Bosi." Kisha kimya.

Hiyo "Bosi" ndiyo iliyonishtua. Ami huniita mwanangu. Mtu akikuondolea jina lake la kila siku akakuvika cheo, au akiacha ghafla kuandika anavyoongea na kuanza "Ujumbe wako nimeupokea", jua kuna kitu kimemchoma. Kimya peke yake si dalili, maana huku mtandao hukatika na mtu huwa na mikono iliyojaa kamba. Ni kule kubadilika kwa mtu kulinganisha na kawaida yake.

Kosa lilikuwa kwenye "kwani". Ukiitamka kwa upole haina ubaya, ni swali la mtu anayetaka kujua. Ukiisoma kavu kwenye kioo cha simu inabeba lawama: mambo yalitakiwa yawe vingine, na wewe ndiwe sababu. "Mbona" ni ndugu yake. "Bado" nayo, ikifungwa kwa alama ya kuuliza, husomeka "mpaka saa hizi?" Tena Kiswahili chetu kinategemea sauti kuliko tunavyodhani. "Boti imefika" ni habari, na ni swali vilevile, kutegemea unavyoipandisha mwishoni. Ukiandika, sauti yako unabaki nayo wewe.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti juu ya barua pepe zilizoandikwa nyingine kwa kejeli, nyingine kwa dhati. Waandishi walitarajia wasomaji watambue ipi ni ipi mara 78 katika 100. Wasomaji walipatia mara 56, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Mwandishi anaisikia sauti yake kichwani wakati anaandika, ndiyo maana hajui kuwa haikusafiri.

Basi nikajaribu kutengeneza, na nikaharibu zaidi. Niliandika: "Hehe ami sikumaanisha hivyo, usikasirike 😂". Tiki mbili za buluu, jibu hakuna. Tazameni nilichofanya. Nimemwekea kicheko mtu aliyeudhika. Nimemwambia amekasirika, mbele ya wenzake, naye hakusema hivyo. Na baada ya yote, nilichomaanisha bado sijakisema. "Sikumaanisha hivyo" humwachia msomaji kazi ya kubuni ulimaanisha nini, na mtu aliyechomwa habuni mazuri.

Nikafikiria kuufuta. WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini pembeni inabaki alama kwamba umehaririwa, na ukiufuta inabaki alama kwamba kulikuwa na kitu. Kuhariri kunafaa kabla haujasomwa, au kwa kosa la tarakimu. Ukishasomwa, kuubadilisha kunafanana na kuficha ushahidi. Uacheni palepale, mrekebishe chini yake, mkiunukuu ule wa mwanzo ili kila mtu ajue mnazungumzia upi.

Niliuvuta ule ujumbe wangu nikaujibu mwenyewe hivi:

"Ami, swali langu la boti nimeliandika vibaya, limesomeka kama nakulaumu. Nilitaka kujua kama wageni wangoje gatini au niwaambie warudi kivulini, kuna mtoto mchanga. Samahani kwa nilivyoandika."

Baada ya dakika mbili hivi: "Hamna neno mwanangu. Leo bamvua, maji yamekupwa sana, boti imekaa mchangani. Waambie wakae kivulini nusu saa. Nimemwomba mwenzangu aliye upande wa Manda awachukue."

Kumbe habari yote niliyoihitaji alikuwa nayo tangu mwanzo. Aliizuia kwa sababu mtu anayelaumiwa hutetea, haelezi. Bamvua ni siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, na hapa kwetu maji yake hukupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Mimi mzaliwa wa huku nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuuliza.

Ujumbe huo wa pili ulifaa kwa sababu kosa uliliweka kwenye maandishi, si kwenye masikio ya ami. "Umenielewa vibaya" ni lawama ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha ulitaja haja yenyewe, kivuli na mtoto, kitu anachoweza kukijibu. Samahani ikaja mara moja, fupi, mwisho. Na niliuandika kwenye grupu, kwa sababu ndiko alikovunjiwa heshima. Kama ningemwandikia faraghani, wenzake wangebaki na ile "kwani".

Upande wa pili wa jambo hili ni majibu mafupi mno. Mpishi akaandika: "Changu wameisha sokoni." Nikajibu: "Sawa." na nukta yake. Alirudi jikoni amenuna, akiamini namtuhumu kachelewa kwenda. Nilikuwa nimekubali tu, huku naandikisha mgeni! "Sawa" ya pekee inahitaji mkia unaoonyesha kazi inaendelea: "Sawa, basi tupike kamba leo." Nikamwandikia hivyohivyo, sikuingiza hata samahani, kwa sababu pale halikuwapo kosa la kuombea radhi, palikuwa na nafasi tupu aliyoijaza kwa hofu. Mkiomba radhi kwa kila "sawa", watu wataanza kuzitafuta maana zilizofichika.

Tahadhari moja. Dawa hii ni ya ujumbe ambao kweli haukuwa na ukali. Kama siku hiyo ulikuwa umeudhika na boti kuchelewa, usijifanye hukumaanisha, ami atakujua. Sema lililokuudhi kwa mdomo, ana kwa ana. Na hata ukali usipokuwepo, nikisharekebisha mara moja na mtu akaendelea kujibu kwa mkato, siandiki tena. Napiga simu, au natembea mpaka gatini. Ujumbe wa sauti unasaidia kidogo, lakini na wao husikilizwa mbele za watu, kwa hiyo kwa mzee siutumii kwenye jambo la namna hii.

Jioni ile nilishuka gatini na chupa ya chai ya tangawizi, si kwa maneno mengi. Wageni walikuwa wameshafika, mtoto amelala. Ami alikuwa anafunga kamba za boti. Akaniona nimeikumbatia ile chupa nimesimama tu, akacheka: "Kwani chai bado?"