Kabla Hujanunua Marobota ya Mashuka ya Mchanganyiko: Ushauri Kuhusu Kutenganisha Poliesta na Pamba

Robota la kwanza la mashuka chakavu tulilolifungua katika karakana yetu ya kusokota uzi lilikuwa na mashuka meupe yenye lebo iliyosomeka vizuri: poliesta asilimia 65, pamba asilimia 35. Niliamini kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ya mashine tu. Tungeyakata mashuka vipande, tungevichana vipande hivyo hadi vigeuke tena kuwa nyuzinyuzi, kisha tungesokota uzi mpya. Uzi tulioupata ulikuwa mnene na wenye vifundo, na ulikatika kila ulipopandishwa kwenye mtambo wa kufuma. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuingia katika kazi hii, kwa sababu mashine zetu hazikuwa na kosa lolote. Sisi ndio tulikuwa hatujaelewa mchanganyiko ni kitu gani.

Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye shuka la namna hiyo, uweke juu ya karatasi nyeusi na uufumue polepole kwa ncha ya sindano. Utaona nyuzinyuzi kama mia moja hivi zilizosokotwa pamoja, kila moja ikiwa nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na kwa macho hutaweza kusema ipi ni pamba na ipi ni poliesta. Hazikupangwa upande kwa upande. Zilichanganywa kiwandani kabla ya kusokotwa, zikapitishwa kwenye mashine za kuvuta na kulaza mara kadhaa, ili kila sentimita ya uzi iwe na zote mbili kwa uwiano uleule. Msokotaji hodari husifiwa kwa kuzichanganya kikamilifu, na kadiri alivyoifanya kazi yake vizuri ndivyo anayetaka kuzitenganisha anavyozidi kukwama. Ukiuchoma uzi huo kwa kiberiti utayaona maumbile yote mawili kwa pamoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi, huku poliesta ikijikunyata, ikiyeyuka na kuganda kuwa ukingo mgumu mweusi ulioyanasa majivu hayo.

Kwa nini basi kuchana hakukutosha? Mashine ya kuchana ina mapipa yanayozunguka yenye maelfu ya meno ya chuma, na kila jino linapoukamata uzi uliosokotwa kwa nguvu, baadhi ya nyuzinyuzi huchomoka na nyingine hukatika. Pamba ya shuka jipya huwa na urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi, lakini pamba iliyofuliwa mara mamia kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha imechoka, hivyo hukatika kwa urahisi, na sehemu kubwa hutoka ikiwa fupi mno kushikana na wenzake ndani ya uzi. Poliesta ina nguvu zaidi na hustahimili vizuri zaidi. Matokeo yake ni jambo ambalo sikulitarajia: vumbi lililojaa chini ya mashine lilikuwa karibu lote pamba, na zile nyuzinyuzi tulizozikusanya zilikuwa na poliesta nyingi kuliko mashuka yaliyoingia. Kuchana hakutenganishi, ila hubadilisha uwiano bila wewe kujua. Unaweza kuokoa kazi kwa kuongeza nyuzinyuzi mpya ndefu na kusokota uzi mnene kwa mashine ya rota, na uzi huo una matumizi yake, lakini bado ni mchanganyiko, na safari ijayo utachanika ukiwa mfupi zaidi.

Kuyeyusha kwa joto nako hakufai. Poliesta huyeyuka kwenye digrii 255 hivi za Selsiasi, na ili isukumwe kupitia vitundu vyembamba vinavyotengeneza nyuzinyuzi lazima joto lipande zaidi ya hapo. Pamba haiyeyuki kamwe kwa joto. Katika joto hilo huanza kuungua na kugeuka makaa, na chembe zake huziba chujio na vitundu vyote.

Inabaki kemia, na hapa ndipo uamuzi mgumu unapotakiwa kufanywa mapema. Hakuna njia ya kuzivuta nyuzinyuzi hizo mbili zikatoka zote nzima nzima. Unachoweza kufanya ni kuivunja au kuiyeyusha moja katika kimiminika, kuichuja nyingine ikiwa ingali ngumu, kisha kuijenga upya ile uliyoivunja. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kuanzisha kazi hii ni hili: ninataka kuokoa ipi, na nani atainunua? Anayetafuta pamba ataivunja poliesta, na anayetafuta poliesta anaweza kuiyeyusha pamba. Ukitaka zote mbili, unahitaji viwanda viwili vinavyofuatana.

Tuchukue njia inayoeleweka kwa urahisi zaidi, ya kuivunja poliesta kwa hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, katika maji yenye joto la digrii 70 hadi 90. Poliesta ni mnyororo mrefu wa vipande viwili vinavyopokezana, asidi ya terefthaliki na ethilini glaikoli, na soda hukata kila kiungo kati yao. Pamba, ambayo ni selulosi, huistahimili soda kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hubaki ikielea na huchujwa. Hesabu yake haina siri. Kilo 100 za mashuka yetu zina kilo 65 za poliesta. Kuivunja yote kunakula kilo 27 za soda kavu, na kunatoa kilo 21 za glaikoli pamoja na chumvi ya asidi ya terefthaliki iliyoyeyuka majini. Ili asidi hiyo ijitenge na maji na kuwa unga mweupe unaochujika, lazima umimine kilo 33 za asidi ya salfuriki, na hapo unapata kilo 56 za unga huo. Lakini pamoja nao unapata pia kilo 48 za salfeti ya sodiamu, chumvi ambayo hukuitaka na ambayo imeyeyuka katika maji yote yaliyotumika.

Ninawaomba wasomaji waitazame hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu mimi niliipuuza. Tulipofanya jaribio letu la kwanza tulishangilia unga mweupe, na hatukuwa na mpango wowote wa lile pipa la maji ya chumvi lililobaki. Zaidi ya hayo, nguo hunyonya maji mengi na lazima izame kabisa. Ukitumia lita 10 za maji kwa kila kilo, kilo 100 za mashuka zinataka lita 1,000, na soda ya kutosha kuufanya mchanganyiko uwe mkali ni nyingi kuliko zile kilo 27 zinazoliwa. Soda inayobaki lazima irudishwe kazini mara nyingi, la sivyo utatumia asidi ya ziada kuizima na chumvi itaongezeka maradufu. Kiwanda kisicho na njia ya kurudisha soda, kuvuna glaikoli na kushughulikia chumvi hakijakamilika, hata kama mtungi wake wa kuvunjia poliesta unafanya kazi vizuri.

Unga ule nao si uzi. Unapaswa kusafishwa rangi, weupe wa titani uliokuwa ndani ya poliesta na mabaki ya dawa, kisha kuunganishwa tena na glaikoli hadi minyororo iwe mirefu ya kutosha kuvutwa kuwa nyuzinyuzi bila kukatika. Uchafu kidogo tu huifanya poliesta mpya kuwa ya manjano au dhaifu.

Kwa upande wa pamba, jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba haitarudi kuwa pamba. Kilo 35 zilizochujwa ni rojo ya selulosi iliyolegea, nayo huyeyushwa katika kemikali na kusukumwa upya kuwa nyuzinyuzi za viskosi au laiyoseli. Ili hilo liwezekane, urefu wa minyororo ya selulosi lazima uwe ndani ya kiwango maalumu: ikiwa mirefu mno, kimiminika huwa kizito kisichopita kwenye vitundu, ikiwa mifupi mno, nyuzinyuzi mpya hazina nguvu. Shuka lililofuliwa mara kumi na lililofuliwa mara mia mbili hayako sawa kabisa, hata kama yana lebo moja. Ndiyo sababu kila mzigo hupimwa mnato wake, kisha mizigo tofauti huchanganywa hadi wastani uwe sawa. Kampuni ya Södra ya Uswidi, iliyoanza mwaka 2019 kutenganisha pamba na poliesta kwa kiwango cha kiwanda, ilianza na vitambaa vyeupe pekee, na pamba inayopatikana huchanganywa na selulosi ya miti. Nikiyatazama matatizo yetu, uchaguzi huo naona ulikuwa wa busara kubwa.

Kuna mambo mawili madogo yanayoharibu kazi kubwa. La kwanza ni dawa ya kuzuia mikunjo, ile inayofanya shuka lisihitaji pasi, ambayo hufunga minyororo ya selulosi kwa viungo vya pembeni. Pamba ya aina hiyo hukataa kuyeyuka, na utaijua kwa vibonge laini kama utelezi vinavyobaki kwenye chujio wakati kimiminika kingine kimekuwa angavu. Lazima dawa hiyo iondolewe mapema, kwa kawaida kwa asidi hafifu yenye joto. La pili ni spandeksi, nyuzinyuzi zinazovutika kama mpira, ambayo hata ikiwa asilimia 2 au 3 tu huvutika badala ya kukatika kwenye meno ya mashine ya kuchana, hujisokota na kuganda, na katika kemia huacha uchafu wa aina ya tatu usioendana na soda wala na selulosi. Ushauri wangu ni kukataa kabisa nguo zinazovutika hadi uwe na hatua mahususi ya kuiondoa spandeksi. Kumbuka pia kwamba nguo ya pamba tupu mara nyingi imeshonwa kwa uzi wa poliesta, kwa hiyo usiiamini lebo hata inaposema asilimia 100.

Kabla ya kulipa, pima. Njia inayotumika katika maabara ni kukausha kipande cha gramu moja, kukipima, kukiweka katika asidi ya salfuriki ya asilimia 75 kwenye digrii 50 kwa saa moja, kuchuja, kuosha, kukausha na kupima tena: pamba yote huyeyuka, poliesta hubaki. Asidi hiyo hupofusha na kuunguza, kwa hiyo kazi hii ifanywe na mtu wa maabara mwenye vifaa vya kujikinga. Robota lililotufundisha tulilipima tukiwa tumechelewa, kwa kuchukua kipande kimoja kutoka kila shuka kati ya mashuka kumi. Manane yalibakisha karibu gramu 0.65, kama lebo ilivyosema. Mawili yalibakisha karibu gramu 0.5, na tulipoyageuza tuliona kwamba pindo zake zilikuwa na upana tofauti, yaani yalitoka katika ununuzi mwingine na kuchanganywa kwenye chumba cha kufulia. Tangu siku hiyo huwa tunayapanga mashuka kwa upana wa pindo kabla ya kupima, na kila rundo tunalipatia namba yake.