Barua ya staji ianze na hesabu ya meza

Mwaka wa kwanza nilipokubali kupokea wanafunzi katika karakana yetu ya bobinaji, yaani ya kufunga upya nyaya za mota za umeme zilizoungua, hapa Lubumbashi upande wa Kampemba, nilikiandikia chuo barua ya mistari mitano. Nilishukuru kwa imani yao, nikasema kwamba karakana iko tayari kuwapokea wanafunzi kwa kipindi ambacho chuo kitaona kinafaa, nikatia sahihi na muhuri. Jumatatu moja ya mwezi wa pili wakafika vijana 11 kwa pamoja, kila mmoja na hati yake ya staji, yaani mafunzo ya kazini, ya siku 30, wakati mimi nilikuwa na mafundi wawili tu, na mmoja wao alikuwa Kasumbalesa akishughulikia mota ya kinu cha mahindi. Siwezi kukilaumu chuo, kwa sababu barua yangu haikuwa na tarakimu hata moja, nao walifanya walichoruhusiwa kufanya. Vijana walikaa kwenye benchi karibu na mlango, walifagia, walitumwa kununua mikate, na mwishoni nilisaini ripoti 11 zilizoeleza mota ileile moja, kwa maneno ambayo yalikuwa yametoka kwenye daftari la kijana mmoja.

Barua niliyoandika mwaka uliofuata ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa faida ya mwenye karakana anayetaka kupokea wanafunzi. Niliiandika kwa Kifaransa, kama ofisi zetu zinavyotaka, na hapa natoa maana yake kwa Kiswahili.

Idadi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Nilianza kwa kusimama mbele ya meza na kutazama mafundi wanavyofanya kazi. Stata ya mota ya kilowati 4, yaani sehemu yake isiyozunguka yenye mifereji ya kulalia nyaya, ikiwa mezani, fundi hukaa upande mmoja akiingiza koili, na mtu mmoja anaweza kukaa upande wa pili akishikilia karatasi ya kuhami na kupokea ncha za nyaya. Wa tatu anaweza kuona vizuri akisimama begani mwa fundi, lakini mikono yake haina la kufanya, na wa nne haoni chochote isipokuwa migongo ya wenzake. Kwa hiyo fundi mmoja hubeba wanafunzi wawili, na kwa mafundi wawili hesabu ya haraka ingenipa wanne. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa karibu kila wiki fundi mmoja hutoka kwenda kufunga mota kwa mteja, na siku hizo wote wanne wangemwangukia aliyebaki. Nikachukua basi hesabu ya siku mbaya: fundi mmoja na wanafunzi wake wawili, pamoja na mimi mwenyewe, ambaye kwa sababu ya simu na wateja siwezi kuahidi zaidi ya mwanafunzi mmoja. Hao ni watatu. Niliandika hivi:

"Karakana itapokea wanafunzi 3 kwa wakati mmoja, katika makundi 2 kwa mwaka wa masomo, yaani wanafunzi 6 kwa jumla. Idadi hii imetokana na mafundi waliopo siku zote, wala si ukubwa wa jengo. Mwanafunzi wa nne akifika, tutaomba kwa heshima arudi chuoni."

Sentensi ya mwisho ilionekana kali kwa mke wangu aliyeisoma kabla sijaipeleka, lakini nilikataa kuifuta. Chuo kinachojua mapema kwamba nafasi ni 6 kina muda wa kutafutia wengine mahali, na hicho ndicho nilichowanyima mwaka uliotangulia.

Muda nao una hesabu yake, na hapa ndipo vyuo vingi hukosea kwa nia njema, kwa kuwa siku 30 hupendeza kwenye kalenda. Umeme usipokatika, mota ya ukubwa ule hutuchukua siku tano za kazi. Siku ya kwanza ni ya kusoma kibati, kupima uhami kwa megometa, kufungua na kuandika kila kitu kabla ya kukata: idadi ya mifereji, hatua ya koili, idadi ya mizunguko, unene wa waya na namna ncha zilivyounganishwa. Siku ya pili ni ya kutoa shaba ya zamani na kusafisha mifereji, ya tatu ni ya karatasi na kutengeneza koili mpya, ya nne ni ya kuingiza, kuunganisha na kufunga kamba, na ya tano ni ya vanishi, kukausha kwenye tanuri na majaribio. Tatizo ni kwamba umeme hukatika, waya wa unene unaotakiwa huenda haupo mjini wiki hiyo, na mteja mwenye haraka huifanya mota yake ishikwe na fundi peke yake. Kwa mwanafunzi, mota moja huishia kuwa kazi ya wiki mbili.

Mota moja haitoshi. Ya kwanza mwanafunzi huitazama, ya pili huifanya pamoja na fundi, na ya tatu huifanya yeye, fundi akikagua kila hatua. Hizo ni wiki sita. Ukiongeza wiki moja ya mwanzo ya usalama na vipimo, na wiki moja ya mwisho ya kumalizia yaliyochelewa na kuandika ripoti, unapata wiki nane. Ndiyo sababu staji ya siku 30 humrudisha kijana nyumbani wakati mikono yake imeanza tu kuzoea waya. Tuliandika wiki 8, tukaomba kundi la kwanza na la pili yasikutane hata kwa siku moja, na tukakiachia chuo kuchagua tarehe mradi zisigongane na mitihani yao.

Kuhusu mota ya tatu kuna jambo la kuweka wazi kabla halijaleta maneno: usimpe mwanafunzi mota ya mteja kuifunga peke yake. Sisi huweka kando mota ndogo za zamani ambazo wenyewe waliziacha, na barua ilieleza kwamba ni hizo zitakazotumika. Tulikiomba chuo kichangie waya, tukaongeza kwamba shaba ya zamani itauzwa na fedha zake zitapunguza gharama hiyo, na kwamba mwanafunzi mwenyewe hatatoa chochote kwa ajili ya kupokelewa.

Nije kwenye usimamizi, ambao katika barua nyingi huandikwa kwa neno moja tu, kwamba mwanafunzi "atasimamiwa". Atasimamiwa na nani, wakati gani, na itajulikanaje? Nilipata jibu kutokana na hasara. Kijana mmoja wa lile kundi la 11, mwenye bidii kweli, aliombwa apime waya wa mota ya zamani. Alichukua palmeri, kifaa cha kupimia unene, akabana waya pamoja na enameli yake, yaani rangi ya kuhami inayoufunika, akasoma 0,86, na kwa kuwa dukani kuna waya wa milimita 0,85 akaandika 0,85. Waya wenyewe ulikuwa wa 0,80; ziada ilikuwa ni enameli tu, ambayo huchomwa kwa kiberiti na kupanguswa polepole kabla ya kupima shaba. Tofauti ya 0,05 huonekana ndogo, lakini unene wa waya huhesabiwa kwa eneo lake, na 0,85 ina shaba zaidi ya 0,80 kwa karibu asilimia 13. Tulitengeneza koili zote, na tulipofika kuziingiza, zikakataa kuenea ndani ya mifereji. Fundi akilazimisha, enameli inakwaruzwa na mota inakuja kuungua tena kwa sababu ya mizunguko kugusana. Koili zile zilikwenda kwenye gunia la chakavu. Hakuna aliyekagua kipimo siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeandikiwa kwamba ni kazi yake.

Kwa hiyo barua mpya ilitaja fundi mkuu kuwa msimamizi wa kila siku, na fundi wa pili kuwa mbadala wake siku anapokuwa nje. Kila mota ina karatasi moja ya mwanafunzi, yenye sehemu tatu ambazo msimamizi husaini kila moja kwa wakati wake: baada ya vipimo vya mwanzo na kabla shaba haijakatwa, baada ya koili kuingia na kabla ya vanishi, na baada ya majaribio ya mwisho. Bila sahihi ya kwanza, hakuna kukata. Karatasi hizo ndizo zinazotolewa alama, na ripoti ya kunakili haimsaidii mtu, kwa kuwa kila mota ina kibati chake na vipimo vyake. Tuliongeza pia kwamba mwanafunzi atatumia megometa ya volti 500 kwenye mota iliyotenganishwa kabisa na umeme, lakini mota haitawashwa kwa volti 380 msimamizi asipokuwepo.

Upande wa chuo, niliomba mwalimu aje mara mbili, mwishoni mwa wiki ya 3 na ya 7. Ziara ya siku ya mwisho, ambayo ndiyo iliyozoeleka, hufaa kwa picha na kupeana mikono. Ya wiki ya 3 humkuta mwanafunzi akiwa bado na muda wa kurekebishwa, au kurudishwa ikibidi. Niliomba pia kwamba kijana asiletwe kabla hajaweza kugawa mifereji: stata ya mifereji 36, ncha 4 za sumaku na fezi 3, ni 36 kugawanya kwa 12, yaani mifereji 3 kwa kila ncha na fezi. Asiyeijua hesabu hiyo hupoteza wiki ya kwanza akijifunza kitu ambacho ubao wa darasani ungemfundisha kwa nusu saa.

Barua nilichapisha mara mbili na kuipeleka mwenyewe. Katibu alibaki na moja, ya pili akaigonga muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, nami nikaiweka kwenye faili. Ilinifaa mapema kuliko nilivyodhani, kwa sababu baada ya wiki mbili mkuu wa masomo alinipigia simu akiomba niongeze wawili, watoto wa watu anaowaheshimu. Nilimjibu, "Mheshimiwa, tusome pamoja aya ya pili." Tuliisoma, akacheka, akauliza ni lini nitaajiri fundi wa tatu. Kundi la kwanza lilifika likiwa na vijana watatu, na palmeri ilikuwa juu ya meza, na kiberiti pembeni yake.